Thamani Iliyopangwa, Thamani Iliyopatikana na Gharama Halisi: Namna ya Kusoma Maendeleo ya Mradi wa Ujenzi

Katika taarifa nyingi za miradi ya umma, maendeleo hutajwa kwa takwimu mbili: muda uliokwisha kutumika na fedha zilizokwisha kulipwa. Mradi uliopangiwa miezi sita, ukiwa mwezi wa nne, umetumia asilimia 67 ya muda wake. Daftari la malipo likionesha kwamba asilimia 67 ya fedha nayo imetumika, msomaji huona mambo mawili yanakwenda sambamba na huhitimisha kuwa mradi uko vizuri. Hitimisho hilo linaweza kuwa si sahihi hata kidogo, kwa sababu takwimu zote mbili hazisemi lolote kuhusu kazi iliyokwisha kufanyika. Jengo linaweza kuwa limefika nusu tu, au limekaribia kwisha, na taarifa ikabaki ileile.

Njia inayotumika duniani kuziba pengo hilo ni ya kuipa kazi iliyofanyika thamani ya fedha, kisha kuilinganisha na mpango kwa upande mmoja na gharama kwa upande mwingine. Idara ya Ulinzi ya Marekani iliweka vigezo rasmi vya njia hiyo mwaka 1967 kwa ajili ya mikataba yake mikubwa ya silaha, na mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango chake, ISO 21508. Asili hiyo huwafanya watu wengi waidhanie kuwa ni hesabu ya miradi mikubwa pekee. Kwa kweli inahitaji makadirio yaliyogawanywa kwa hatua, ratiba yenye tarehe na mtu wa kwenda eneo la kazi kuhesabu, na mambo hayo yote yapo hata katika ujenzi wa zahanati ya kijiji.

Ujenzi wa zahanati, kwa hakika, ndio unaofaa zaidi kwa mafunzo. Majengo mengi ya elimu na afya katika halmashauri hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, unaoruhusiwa chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma, Sura ya 410. Hapo halmashauri au kituo hununua vifaa na kuwalipa mafundi moja kwa moja badala ya kumpa mkandarasi kazi nzima kwa bei moja. Kamati za ujenzi, ununuzi na mapokezi ya vifaa huundwa katika eneo husika. Kwa kuwa kila mfuko wa saruji hulipiwa na umma kwa bei ya siku hiyo, ongezeko lolote la gharama huangukia mfuko wa umma papo hapo.

Mfano wa zahanati ya ukanda wa mlango wa Ruvuma

Ichukuliwe zahanati ya mfano katika kijiji cha ukanda wa pwani kati ya Msimbati na Kilambo, Wilaya ya Mtwara, karibu na Mto Ruvuma unapoingia Bahari ya Hindi. Hesabu zinazofuata zimetungwa kwa ajili ya maelezo haya na hazihusu jengo lolote lililopo, ila mazingira ni ya kweli. Ardhi ya huko ni ya kichanga na maji ya ardhini hayako mbali. Saruji inapatikana karibu, kwa kuwa kiwanda cha Dangote kipo Mtwara, lakini mbao nyingi za kenchi husafirishwa kutoka Nyanda za Juu Kusini. Mvua za msimu mmoja huanza kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kuanzia Oktoba vibarua wengi huwa katika mashamba ya korosho.

Makadirio ya zahanati hiyo ni shilingi milioni 120, na kazi imepangwa kuanza Julai mosi na kumalizika Desemba 31. Msingi umekadiriwa milioni 20, nao umalizike Agosti 10. Kuta hadi lenta zimekadiriwa milioni 26, zimalizike Septemba 30. Paa limekadiriwa milioni 30 na limepewa mwezi wa Oktoba: kenchi 30 kwa shilingi 600,000 kila moja, yaani milioni 18, zinyanyuliwe hadi tarehe 20, kisha bati na ubao wa pembeni kwa milioni 12 hadi tarehe 31. Lipu, sakafu na dari, pamoja na milango, madirisha, umeme, maji na rangi, ndizo kazi za Novemba na Desemba, kwa jumla ya milioni 44.

Mkaguzi anafika Oktoba 31. Swali la kwanza analopaswa kulijibu halihitaji hata kuingia eneo la ujenzi: kwa mujibu wa mpango, kazi ya thamani gani ilipaswa kuwa imekamilika leo? Msingi, kuta na paa vyote vilipaswa kuwa tayari. Hivyo jibu ni 20 + 26 + 30, sawa na milioni 76. Hiyo ndiyo thamani iliyopangwa. Inatokana na makadirio na ratiba tu. Wala mvua, wala bei ya mbao, wala uhodari wa fundi haubadilishi tarakimu hiyo.

Swali la pili hujibiwa kwa macho na kwa kuhesabu. Msingi umekwisha. Kuta zimekwisha, ingawa zilimalizika Oktoba 10, siku kumi baada ya tarehe yake. Juu ya kuta kuna kenchi 20 zilizokwisha kufungwa, na hakuna bati hata moja lililopigiliwa. Thamani ya kazi hiyo huhesabiwa kwa bei za makadirio, si kwa bei iliyolipwa: msingi milioni 20, kuta milioni 26, kenchi 20 kwa shilingi 600,000 milioni 12. Jumla ni milioni 58. Hiyo ndiyo thamani iliyopatikana.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo panastahili maelezo. Iwapo msingi uligharimu milioni 29 badala ya 20, thamani yake iliyopatikana inabaki 20. Msingi mmoja ni msingi mmoja. Kutumia fedha zaidi hakuufanyi kuwa msingi na nusu. Thamani iliyopatikana ni kipimo cha kazi kinachotamkwa kwa shilingi ili kiweze kulinganishwa na vipimo vingine viwili, kama vile pishi na kibaba vinavyoruhusu mchele wa magunia tofauti kulinganishwa.

Swali la tatu ni gharama halisi ya kazi hiyo iliyofanyika, na hili ndilo gumu kuliko yote katika fosi akaunti.

Fedha iliyotoka si gharama ya kazi

Kumbukumbu za malipo zinaonesha kuwa milioni 81 zimekwisha kulipwa. Huo ndio ule ulinganifu wa udanganyifu uliotajwa mwanzoni: 81 kati ya 120 ni asilimia 67.5, na miezi minne kati ya sita ni asilimia 67. Kumbe kazi iliyopatikana ni 58 kati ya 120, yaani asilimia 48.

Hata hivyo milioni 81 haziwezi kuchukuliwa moja kwa moja kama gharama halisi. Katika fosi akaunti ni kawaida, na mara nyingi ni busara, kununua vifaa vingi kwa pamoja mapema ili kuokoa nauli na kukwepa kupanda kwa bei. Leja ya stoo ya zahanati inaonesha bati za milioni 9 na mbao za dari pamoja na rangi za milioni 5 ambazo hazijaguswa. Vifaa hivyo ni mali ya mradi, lakini si gharama ya msingi, kuta wala kenchi. Vikihesabiwa sasa, kazi iliyokwisha kufanyika itaonekana ghali kuliko ilivyo, na mwezi ujao bati zitakapopigiliwa kazi itaonekana rahisi ajabu.

Kosa la upande wa pili ni kusahau madeni. Mafundi wa kenchi wamefanya kazi wiki mbili za mwisho bila kulipwa, na wanadai milioni 2.5. Mwenye lori aliyeleta mchanga na kokoto anadai milioni 1.5. Fedha hazijatoka, lakini kazi imefanyika na gharama ipo. Basi hesabu sahihi huondoa vifaa vilivyo stoo na kuongeza madeni ya kazi iliyokwisha kufanyika:

```
81 − 14 + 4 = 71
```

Gharama halisi ni milioni 71. Mkaguzi mwenye uzoefu huipata tarakimu hiyo kwa nyaraka tatu zikiwa mezani kwa wakati mmoja: kumbukumbu za malipo, leja ya stoo yenye hati za kutolea vifaa, na orodha ya madai ya mafundi na wauzaji. Leja ya stoo isipoandikwa kila vifaa vinapotoka, hesabu yote ya gharama hubaki ni ya kubahatisha, hata kama malipo yameandikwa kwa usahihi wa senti.

Kusoma tofauti mbili

Tarakimu tatu zikishapatikana, hesabu iliyobaki ni ya kutoa. Katika programu za kompyuta za usimamizi wa miradi, thamani iliyopangwa huandikwa PV, thamani iliyopatikana EV, gharama halisi AC, tofauti ya ratiba SV na tofauti ya gharama CV.

```
SV = EV − PV = 58 − 76 = −18
CV = EV − AC = 58 − 71 = −13
```

Kanuni zote mbili huanza na thamani iliyopatikana. Kwa kukumbuka hilo, alama hazichanganyi: hasi ni habari mbaya katika zote mbili, chanya ni habari njema. Tofauti ya ratiba ya hasi 18 ina maana kuwa kazi ya milioni 18 iliyopaswa kuwa imekwisha bado haijafanyika. Tofauti ya gharama ya hasi 13 ina maana kuwa kazi iliyofanyika imekula milioni 13 zaidi ya makadirio yake.

Laiti mkaguzi angelinganisha malipo na mpango peke yake, yaani 81 dhidi ya 76, angeandika kwamba mradi umezidi kwa milioni 5. Angekuwa amekosea mara mbili, kwanza kuhusu ukubwa wa ongezeko, pili kwa kutoona kabisa kuwa kazi imechelewa. Hali huwa mbaya zaidi pale malipo yanapokuwa chini ya mpango. Mradi uliotumia milioni 60 pale ilipopangwa 76 unaweza kusifiwa kwa kubana matumizi, ilhali umefanya kazi ya milioni 45 tu: umechelewa kwa 31 na umezidisha gharama kwa 15.

Milioni 18 za kuchelewa hazimwambii mtu ni siku ngapi. Ili kupata siku, mkaguzi hurudi kwenye mpango na kuuliza ni lini ilitarajiwa kazi ya milioni 58 iwe imefanyika. Mwisho wa Septemba mpango ulikuwa umefika 46. Kenchi 30 zilipangiwa siku 20, hivyo kenchi ya ishirini ilipaswa kufungwa kama Oktoba 13. Leo ni Oktoba 31. Mradi uko nyuma kwa siku 18. Kufanana kwa 18 hii na zile milioni 18 ni sadfa tu. Siku kumi kati ya hizo zilitokana na kuta, nyingine nane zimepotea kwenye kenchi zenyewe, katika majira ambayo vibarua wako mikoroshoni. Kwa mwendo wa kenchi 20 katika siku 21, kumi zilizobaki zitamalizika karibu na Novemba 11, na bati, zikipewa siku 11 zilizopangwa, zitaisha karibu na Novemba 22. Katika ukanda huu tarehe hiyo ndiyo yenye uzito kuliko tarakimu zote: kuchelewa zaidi ya hapo kunaweza kuyakutanisha matofali na kenchi zisizofunikwa na mvua za kwanza.

Tofauti ya gharama nayo haisomwi kwa jumla tu. Hasi 13 ikigawanywa kwa hatua inasimulia jambo lililo wazi zaidi. Msingi uligharimu milioni 29 dhidi ya thamani ya 20, tofauti ya hasi 9, kwa kuwa mchanga ulilazimisha kuchimba kina zaidi na kuongeza zege na kokoto. Kuta ziligharimu 25 dhidi ya 26, chanya 1. Kenchi 20 ziligharimu 17 dhidi ya 12, hasi 5, kwa sababu mbao zilinunuliwa kwa bei ya juu kuliko makadirio na kila kenchi ikafikia shilingi 850,000 badala ya 600,000. Yaani sehemu kubwa ya hasara imekwisha kuzikwa ardhini na haitajirudia. Sehemu ndogo inaendelea kila kenchi inaponyanyuliwa.

Mradi utamalizika kwa kiasi gani?

Vitabu vingi hutoa kanuni moja ya haraka ya kukisia gharama ya mwisho. Thamani iliyopatikana hugawanywa kwa gharama halisi: 58 kwa 71 ni 0.82. Maana yake kila shilingi iliyotumika imezaa kazi ya senti 82. Bajeti yote ikigawanywa kwa kiashiria hicho, jibu ni kama milioni 147. Kanuni hiyo inachukulia kwamba kazi zote zilizobaki zitakwenda kwa ufanisi uleule wa zilizotangulia. Mtu akipeleka tarakimu hiyo kwenye kikao cha halmashauri ataomba nyongeza ya milioni 27.

Kisio la upande wa pili ni la matumaini: yaliyopita yamepita, na kazi iliyobaki ya milioni 62 itafanyika kwa makadirio yake. Hapo 71 + 62 ni milioni 133.

Kwa zahanati hii kisio la kwanza ni kubwa mno, kwa sababu linaichukua hasara ya msingi na kuitandaza juu ya milango, dari na rangi, vitu visivyohusiana na mchanga. La pili ni dogo kidogo, kwa sababu linasahau kuwa kenchi kumi zilizobaki zitatumia mbao za bei ileile ya juu. Njia ya uangalifu ni kuikisia kila kazi iliyobaki kivyake. Kenchi kumi kwa 850,000 ni milioni 8.5. Bati na ubao wa pembeni zinabaki milioni 12, na kisio hilo linaaminika kwa kuwa bati nyingi zimekwisha kununuliwa na bei yake inajulikana. Kazi za umaliziaji zinabaki 44. Jumla:

```
71 + 8.5 + 12 + 44 = 135.5
```

Upungufu unaotarajiwa ni milioni 15.5, si 27. Tarakimu yenye kutiliwa shaka zaidi ni ile 44, kwani hakuna hata sehemu yake moja iliyokwisha kujaribiwa kwa bei za soko la sasa. Kabla ya kikao, kamati ya ununuzi ingefaa kuchukua bei mpya za vigae, madirisha na vifaa vya umeme.

Kinachobaki bila kupingika ni kwamba makadirio ya awali hayatatosha. Bajeti ya 120 ukitoa gharama halisi ya 71 inaacha milioni 49 kwa kazi ya milioni 62. Ili kumaliza bila nyongeza, kila shilingi iliyobaki italazimika kuzaa kazi ya shilingi 1 na senti 27, katika mradi ambao hadi sasa umezaa senti 82. Ahadi ya kwamba "tutafidia mbele ya safari" inapotolewa, hesabu hiyo ya mistari miwili hutosha kuipima.

Asilimia inayokadiriwa kwa macho

Udhaifu mkubwa wa njia hii uko katika thamani iliyopatikana yenyewe. Fundi akiulizwa paa limefikia wapi, anaweza kusema asilimia 80, kwa kuwa anaona kenchi juu na bati zimepangwa pembeni. Kwa asilimia 80, paa lingehesabiwa milioni 24, tofauti ya gharama ingegeuka kutoka hasi 13 hadi hasi 1, na tatizo la bei ya mbao lingetoweka katika taarifa. Bati zilizoko stoo zingekuwa zimehesabiwa kama kazi.

Kinga yake ni kukubaliana mapema, kabla ya kazi kuanza, nini kitahesabiwa. Kwa kazi fupi, za wiki mbili au tatu, inatosha kutoa sifuri mpaka kazi iishe, kisha kutoa thamani yote. Kwa kazi ndefu kidogo, nusu hutolewa inapoanza na nusu inapokamilika. Kwa kazi zenye idadi, kama kenchi, mita za ukuta au nguzo, huhesabiwa idadi. Dalili ya kuwa kanuni hizo hazifuatwi ni kazi inayofika asilimia 90 na kukaa hapo taarifa baada ya taarifa.

Jambo jingine la kuangalia ni mpangilio wa kazi. Tofauti ya ratiba haijui kazi ipi inangojewa na nyingine. Iwapo mafundi wa zahanati wangeacha kenchi na kupiga lipu kuta za ndani, thamani iliyopatikana ingepanda na hasi 18 ingepungua, huku jengo likiendelea kukaa wazi kuelekea msimu wa mvua. Kwa hiyo hasi inayopungua husomwa pamoja na ratiba yenyewe ili kuona kama kazi inayofanyika ndiyo inayofungua njia kwa nyingine.

Barabara za mkataba zina hesabu tofauti

Msomaji akitoka kwenye zahanati na kwenda kwenye miradi mikubwa ya mkoa, hana budi kuuliza kwanza gharama ni za nani. Barabara ya kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi, yenye kilomita 160 na kugawanywa katika sehemu za Mnivata–Mitesa kilomita 100 na Mitesa–Masasi kilomita 60, inasimamiwa na TANROADS na kugharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Katika mikataba ya barabara ya aina hiyo, mkandarasi hulipwa kwa vipimo vya kazi iliyofanyika na bei zilizoandikwa katika mkataba, baada ya mhandisi msimamizi kuidhinisha hati ya malipo.

Maana yake ni kuwa kwa upande wa Serikali kazi na gharama yake hupimwa kwa bei ileile. Kilomita ya tabaka la msingi wa barabara iliyoidhinishwa huongeza thamani iliyopatikana na gharama kwa kiasi kilekile, na tofauti ya gharama hukaa karibu na sifuri mwezi hadi mwezi. Mkandarasi akinunua dizeli ghali, hasara huwa katika vitabu vyake kwanza. Sifuri hiyo haina maana kuwa mradi hautazidi bajeti. Ongezeko huja kupitia marekebisho ya bei pale mkataba unapoyaruhusu, mabadiliko ya kazi, na riba ya malipo yaliyochelewa, na mara nyingi madai yake hufika miezi mingi baada ya kazi. Msimamizi makini huyaingiza katika gharama halisi mara yanapojulikana, bila kungoja hati.

Malipo ya awali anayopewa mkandarasi kabla ya kuanza nayo huvuruga usomaji. Fedha zimetoka hazina, lakini hakuna kazi iliyofanyika na hakuna gharama ya kazi; ni fedha itakayokatwa kidogokidogo katika hati zinazofuata. Fedha inayozuiliwa kama dhamana ya ubora ni kinyume chake: kazi imefanyika na gharama ipo, ila malipo yanasubiri. Katika mikataba hiyo, basi, tofauti ya ratiba ndiyo huonesha tatizo mapema zaidi.

Kuna pia kazi isiyozaa thamani yoyote. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, na mvua zilizoambatana nacho zilikata mawasiliano katika barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara. Tuta la barabara inayojengwa likisombwa na maji na kujengwa upya, gharama halisi hupanda lakini thamani iliyopatikana haipandi, kwa sababu tuta hilo lilikwisha kuhesabiwa mara moja na mpango una tuta moja tu. Tofauti ya gharama itakuwa hasi, na inapaswa kubaki hivyo katika taarifa. Kishawishi huwa ni kuongeza makadirio ili hasi ipotee. Mpango hubadilishwa pale tu mamlaka yenye idhini inapoongeza au kupunguza kazi yenyewe, na taarifa ya kwanza baada ya hapo huonesha tarakimu za mpango wa zamani na mpya pamoja.

Ratiba inapokaribia mwisho

Tofauti ya ratiba ina kasoro moja ya kihesabu ambayo taarifa za mwisho wa mradi hazina budi kuizingatia. Thamani iliyopangwa haiwezi kuzidi bajeti. Zahanati ya mfano itafika 120 katika mpango siku ya Desemba 31, na kuanzia hapo tarakimu hiyo haisogei. Kazi ikiendelea hadi Februari, thamani iliyopatikana itapanda polepole kutoka, tuseme, 104 hadi 112 na hatimaye 120. Tofauti ya ratiba itatoka hasi 16 hadi hasi 8, kisha sifuri. Mtu atakayesoma tarakimu hizo peke yake ataona mradi unaokaribia ratiba, na siku ya kukabidhi ataona mradi uliomalizika kwa wakati, ingawa umechelewa miezi miwili. Tofauti ya gharama haina kasoro hiyo. Hubaki na kiasi chake hadi mwisho. Kwa sababu hiyo, katika theluthi ya mwisho ya mradi taarifa huandika kuchelewa kwa siku, kwa njia ileile iliyotumika kupata siku 18 za Oktoba: tarehe ya ukaguzi ukitoa tarehe ambayo mpango ulitaka kazi iliyopo iwe imekamilika.